Hizo Sampuli 40 ni Magunia Mangapi?

*Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa mwisho, nasoma uhandisi wa umeme katika chuo kimoja hapa Mtwara. Nimetengeneza kifaa cha kupima unyevu wa korosho ghafi kwa Arduino na kikombe chenye sahani mbili za chuma. Korosho nilizipata msimu uliopita kwenye magunia manne ya chama kimoja cha ushirika wa wakulima, AMCOS, kule Newala, nikapata sampuli 40 zenye unyevu wa kuanzia asilimia 6 hadi 20, nikalinganisha na njia ya kukausha kwenye tanuri ya maabara. R² imetoka 0.96. Kiwango cha kukubali korosho nimekiweka asilimia 10. Nadifendi baada ya siku tisa: dakika 15 za kuwasilisha, 10 za maswali. Slaidi 16 ziko tayari. Msimamizi anataka niandae pia karatasi ya maswali yanayotarajiwa na majibu mafupi. Nimepata orodha ya maswali 70 mtandaoni, nimekariri mpaka la 31 na la 5 nimeshalisahau. Nikijaribu kujibu najikuta naeleza historia nzima ya korosho. Na Kiingereza kinanikimbia nikiwa na hofu. Nifanyeje?*

*Mwanafunzi wa Newala*

Marahaba, mwanangu.

Hiyo orodha ya maswali 70 ifunge. Aliyeiandika hajawahi kuona slaidi zako, na jopo halitakuwa nayo. Watakachokuwa nacho ni slaidi 16 zinazopita ukutani moja moja, na kalamu mkononi. Swali litachipuka kwenye neno au namba uliyoiweka pale wewe mwenyewe. Kwa hiyo maswali yako yapo tayari kwenye kazi yako, na shughuli ya leo jioni ni kuyachuma.

Chapisha slaidi zote, sita kwa kila ukurasa, ukae na kalamu nyekundu. Zungushia kila namba. Zungushia kila neno la kulinganisha, kama "nafuu", "sahihi", "haraka". Kisha zungushia kila mahali ulipochagua kitu kimoja ukaacha kingine: kihisi hiki, tanuri ile, AMCOS hiyo. Namba itaulizwa imetoka wapi na ina maana gani. Neno la kulinganisha litaulizwa "kuliko nini?" Chaguo litaulizwa kwa nini hukuchukua lile jingine. Andika swali pembeni ya kila duara kwa maneno ambayo mtu angeyatamka, si kwa lugha ya ripoti.

Utapata kama 30 hivi. Mengi yatakuwa swali lilelile lililovaa nguo tofauti, kwa hiyo yaunganishe mpaka yabaki 15 au 18. Dakika 10 za jopo ni fupi kuliko unavyodhani. Mwalimu mmoja akianza kuuliza, swali lenyewe linakula dakika nzima, kwa sababu analitanguliza na mawazo yake. Mkijibizana vizuri mtamaliza maswali sita au saba.

Nimesoma barua yako kwa kalamu hiyo hiyo nyekundu, na kuna matatu ambayo ningekuuliza mimi kama ningekuwa mezani.

La kwanza ni dogo na linamaliza watu. "Asilimia 10 ya nini?" Unyevu una namna mbili za kuhesabiwa. Tuseme umeweka gramu 50.0 za korosho kwenye tanuri, ukazikausha mpaka uzito hausogei tena, zikabaki gramu 45.3. Maji yaliyotoka ni gramu 4.7. Ukigawanya kwa uzito wa mwanzo, yaani uzito mbichi, unapata asilimia 9.4. Ukigawanya kwa uzito uliobaki, yaani uzito mkavu, unapata asilimia 10.4. Korosho ni zilezile, tanuri ni lilelile, lakini kwa hesabu moja zimekubaliwa kwa kiwango cha asilimia 10 na kwa nyingine zimekataliwa. Kama kiwango ulichokinukuu kilihesabiwa kwa uzito mbichi na wewe ulihesabu kwa uzito mkavu, kifaa chako kizima kinahukumu kwa sheria ya nchi nyingine.

Jibu lake liandike hivi: "Ni kwa uzito mbichi. Gramu za maji yaliyotoka nimezigawanya kwa uzito kabla ya kukausha, na mfano wa hesabu uko slaidi ya akiba ya 17. Kiwango cha asilimia 10 nimekitoa kwenye waraka huu, nacho pia ni kwa uzito mbichi."

Angalia umbo la jibu hilo, maana ndilo nitakalokutaka ulitumie kwa mengine yote. Sentensi ya kwanza inajibu. Ya pili inaonyesha ushahidi na ulipo. Ya tatu inaweka mpaka, au inasema jibu limeegemea nini. Baada ya hapo unafunga mdomo. Ukimya utakaofuata utakuumiza kidogo, lakini usiujaze. Historia ya korosho unayoisema huwa inaingia hapo, kwenye ule ukimya, mtu anapoogopa kwamba hajasema vya kutosha. Halafu ndani ya historia hiyo unataja kitu ambacho hukukifanyia kazi, na mwalimu anaacha swali lake anakamata hicho.

Umeona nimeandika "waraka huu" bila jina. Jina lake na ukurasa ni wewe utakayeviweka. Ukivitafuta ukavikosa, ukagundua kwamba asilimia 10 uliisikia tu kwa karani wa ghala, basi umejua leo badala ya siku ya tisa. Sema hivyo kwenye slaidi: "kiwango kinachotumiwa na ghala nilikochukua sampuli". Hilo linakubalika. Kisichokubalika ni kusema "kiwango cha kimataifa" halafu uulizwe kipi.

La pili ndilo lenye uzito, na nitakaa nalo. R² ya 0.96 inapendeza, na nina hakika umeiweka kwa herufi kubwa katikati ya slaidi. Mjumbe anayejua takwimu ataiacha ipite, halafu atauliza kwa upole: "Hizo sampuli 40 ni magunia mangapi?"

Utajibu manne. Atatikisa kichwa, ataandika kitu. Alichoandika ni hiki: sampuli kumi zilizotoka gunia moja ni ndugu. Mkulima mmoja au wawili, mkorosho uleule, jamvi lilelile la kuanikia, siku zilezile. Kwa hiyo mbele ya takwimu huna ushahidi 40 unaojitegemea. Una manne, kila mmoja umerudiwa mara kumi. Kurudia huko kuna faida, kunaonyesha kifaa hakiyumbi, lakini hakuonyeshi kwamba kitafanya kazi kwa korosho za Nachingwea au za Masasi, ambazo ukubwa na unene wa ganda lake unaweza kuwa mwingine.

Akimaliza hapo ataongeza: "Na mstari wako ulipimwa kwa sampuli zipi?" Hapa ndipo wengi huanguka, kwa sababu jibu la kweli ni "hizohizo". Ulichukua sampuli 40, ukachora mstari unaogeuza usomaji wa kifaa kuwa asilimia ya unyevu, ule unaozipita vizuri zaidi, kisha ukatumia sampuli hizohizo 40 kuthibitisha kwamba mstari ni mzuri. Ni sawa na mwalimu kuwapa watoto mtihani wenye maswali aliyoyasahihisha ubaoni jana.

Na kuna la chini kabisa. R² inasema jinsi nukta zako zinavyoufuata mstari, nayo hupanda kirahisi pale masafa yanapokuwa mapana. Wewe ulipima kuanzia asilimia 6 hadi 20. Ndani ya upana huo, kosa la nukta moja na nusu, mfano 10 kusomwa 11.5, halionekani hata kwenye grafu. Lakini mkulima wala karani hahitaji kifaa kumwambia kwamba korosho ya asilimia 20 ni mbichi. Uamuzi wote unafanyika kati ya 8 na 12, na hapo nukta moja na nusu ndiyo kila kitu.

Sasa, hili swali halina jibu fupi zuri kwa sasa, na usilitungie. Karatasi ya maswali ni mtihani wa mradi kabla ya mtihani wa jopo. Swali likikosa jibu la kweli, unarudi maabara au unapunguza dai. Una siku tisa. Fanya vyote viwili.

Tafuta korosho ghafi ambazo kifaa hakijawahi kuziona. Msimu umepita, lakini nyumba za kwenu Newala hazikosi debe la korosho za mbegu au za kula. Omba kwa nyumba nne tofauti, kila moja kilo moja na nusu. Zitakuwa zimekauka, kwa hiyo utazirudishia maji kwa kipimo. Kama una gramu 500 zenye asilimia 7 na unataka zifike 11, chukua tofauti, yaani 4, uzidishe kwa 500, ugawanye kwa 89, ambayo ni 100 toa 11. Unapata gramu 22.5 za maji. Nyunyiza, fungia kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, tikisa asubuhi na jioni kwa siku tatu ili maji yaingie ndani yasibaki juu ya ganda. Ukipima mapema, sahani zako zitasoma maji ya juu na utapata namba kubwa ya uongo. Kila nyumba ikupe sampuli tatu, karibu 8, karibu 10 na karibu 12. Jumla 12.

Pima kwa kifaa, kisha kwa tanuri. Mstari wako wa zamani usiuguse hata ukiona umekosea, kwa sababu ukiugusa tu, sampuli mpya zinageuka za zamani. Kwenye Excel, weka namba za tanuri safu ya B, za kifaa safu ya C, kuanzia B2 na C2, na fomula hii ya kwanza uiweke D2 uiteremshe mpaka D13, zile mbili za mwisho ziwe chini yake:

```
=ABS(B2-C2)
=AVERAGE(D2:D13)
=MAX(D2:D13)
```

Tuseme wastani wa kosa umetoka 0.7 na kosa kubwa 1.5. Jibu lako sasa linakuwa hivi: "Kwa sampuli 12 mpya kutoka nyumba nne, ambazo hazikutumika kuchora mstari, kifaa kilikosea kwa wastani wa nukta 0.7 na kosa kubwa kabisa lilikuwa nukta 1.5, jedwali liko slaidi ya 18. Kwa sababu hiyo kifaa kinapitisha korosho zikisoma chini ya 8.5 tu, na zaidi ya hapo kinasema zianikwe tena. Unyevu wa sampuli hizi niliurudishia kwa maji, na zote ni za wilaya moja, kwa hiyo kifaa bado hakijapimwa kwa korosho mpya za msimu wala za wilaya nyingine."

Soma tena kwa sauti. Namba zako zitakuwa nyingine, huenda mbaya zaidi, lakini jibu litasimama. Mwalimu aliyekuja na swali la kukuangusha anakuta umeshalijibu na umemwonyesha mahali kifaa kinapoishia. Kilichobaki kwake ni kukuuliza kama utaendelea nacho msimu ujao.

Halafu upunguze dai. Nenda kwenye slaidi ya hitimisho. Nabashiri imeandikwa "kifaa kinafaa kwa wakulima wa korosho wa Kusini". Futa. Andika kilichopimwa: korosho za Newala, msimu mmoja. Maswali kama matatu hivi yatakufa pale pale bila kuhitaji jibu, na karatasi yako itapungua mistari. Katika kazi yote hii hakuna mbinu ninayoipenda kama hiyo.

La tatu litatoka kwa mjumbe ambaye si mhandisi, pengine mtu aliyekulia kwenye mikorosho au anayefahamiana na watafiti wa korosho wa kituo cha TARI Naliendele. Ataegemea kiti. "Bibi yangu akichukua korosho akaitikisa sikioni anajua imekauka. Akiiminya kwa ukucha, ganda likigoma, anajua imekauka. Wewe umeongeza nini?"

Wanafunzi wengi hapa hukasirika kidogo, au huanza kumweleza kuhusu teknolojia. Usifanye hivyo, maana bibi yake yuko sahihi. Hapa unahitaji kukumbuka kifaa chako kinafanyaje kazi. Maji yana uwezo wa kubeba chaji mkubwa sana, karibu mara 80 ya hewa, wakati ganda na kokwa kavu viko kwenye tarakimu chache tu. Ndiyo maana korosho zikiwa na maji zaidi kati ya sahani mbili, usomaji unapanda. Sikio linasikia kokwa iliyosinyaa ikigongana na ganda, kwa hiyo linajua "imekauka" na "haijakauka". Halijui 9 na 11.

Jibu: "Bibi anatambua kavu na mbichi vizuri, na kifaa hakikusudiwi kumsahihisha. Kinatoa namba ambayo mkulima na karani wa ghala wanaisoma wote wawili kwenye kioo kimoja, kwa hiyo wakibishana wana kitu cha kutazama. Sijalinganisha kifaa na mtu anayetikisa, na ningependa kufanya hivyo."

Ile sentensi ya mwisho isikuogopeshe. Ila kama una jioni moja ya ziada, hebu mwombe bibi mmoja wa kweli akutikisie zile sampuli 12 kabla hujaziingiza kwenye tanuri, uandike anachosema. Ni dakika 20. Ukisimama mbele ya jopo na kusema mzee mmoja alipatia ngapi kati ya 12, hakuna atakayesinzia. Usisahau kusema ni mtu mmoja.

Maswali mengine kwenye mradi wako nayapitia kwa haraka. Watakuuliza ukijaza kikombe kwa kushindilia badala ya kumwaga tu usomaji unabadilika kiasi gani. Jaza sampuli moja mara 10, andika ya chini na ya juu, umemaliza. Watakuuliza joto: kifaa juani saa saba mchana na kifaa maabara havisomi sawa. Kama hukupima, sema ulipima ndani tu, kwa joto la kiasi gani. Watakuuliza gharama, na hapo uwe na jumla ya shilingi uliyoilipa kweli, pamoja na vile vilivyoungua. "Nafuu" bila bei ya kifaa cha dukani pembeni yake ni neno la kuzungushiwa duara.

Kuhusu Kiingereza. Hapa nimekuandikia majibu kwa Kiswahili kwa makusudi, na nakuomba uanze hivyohivyo. Jibu ambalo huwezi kulisema kwa Kiswahili mbele ya mdogo wako, hulielewi bado, na Kiingereza kinakuficha tu. Likishasimama kwa Kiswahili, ligeuze kwa maneno yako mwenyewe, sentensi fupi, bila msamiati wa kuazima kwenye ripoti za watu. Kisha kariri kitu kimoja tu katika kila jibu: sentensi ya kwanza. Hofu hushika pale mwanzoni. Ukishatamka sentensi ya kwanza, ya pili inakuja yenyewe kwa sababu ni namba na mahali, na namba unazijua.

Karatasi yenyewe iwe kurasa mbili, si zaidi. Safu tatu: swali kwa maneno matano au sita, jibu la sentensi tatu, na namba ya slaidi. Panga kwa mfuatano wa slaidi, si kwa ugumu, kwa sababu mjumbe atasema "rudi kwenye ile grafu" na jicho lako litajua pa kwenda. Msimamizi mpe nakala. Usiyaweke majibu kwenye maelezo ya chini ya slaidi ukitegemea utayaona wewe peke yako. Projekta ikionyesha kioo chote cha kompyuta, jopo zima litayasoma kabla yako. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na kijana yule hakuinua uso tena.

Baada ya slaidi ya 16 ongeza nne za akiba ambazo hutaziwasilisha: ya 17 mfano wa hesabu ya unyevu, ya 18 jedwali la sampuli 12, ya 19 sampuli 40 zote zikionyesha kila moja imetoka gunia lipi, ya 20 mchoro wa saketi. Ukiwa katikati ya kuonyesha kwenye PowerPoint, bonyeza `18` kisha `Enter` na inaruka moja kwa moja. Kurudi, `16` kisha `Enter`. Hakikisha namba za slaidi zinaonekana chini pembeni, na ujaribu kwenye kompyuta ya chumba kile, si yako tu. Mtu anayeulizwa na kuruka kwenye jedwali ndani ya sekunde mbili, jopo linaacha kumtafuta.

Mimi nilipokuwa kijana nilidifendi nikiwa na majibu 60 kichwani. Mjumbe aliuliza jambo lililofanana na swali langu la 22, nikamwaga jibu la 22 lote, kwa kasi, bila kupumua. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Hilo ni jibu zuri, lakini sikuuliza hilo." Nilikuwa nimesubiri maneno mawili ya kwanza ya swali lake tu. Tangu hapo nawaambia wanafunzi wangu warudie swali kwa maneno machache kabla ya kujibu: "Unauliza kuhusu sampuli zilizotumika kuchora mstari?" Akisema ndiyo, jibu. Akisema hapana, umeokoka.

Jioni ya siku ya saba, ukishakuwa na namba za tanuri, tafuta watu wawili. Mmoja awe wa darasa lako, mwingine awe mtu asiyejua umeme kabisa, mjomba au jirani. Wape karatasi ya slaidi bila majibu. Wakukatishe katikati, waulize wanavyotaka, na mwenzako ashike saa. Jibu lolote likizidi sekunde 40, weka alama na ulikate nyumbani. Swali jipya lisilokuwa kwenye karatasi yako, liandike, maana lile la jirani ndilo litakalotoka kwa mjumbe wa pembeni.

Na kwa swali usilolijua kabisa, ambalo litakuja hata ukiandaa kurasa 10, uwe na umbo lake tayari pia: "Hilo sikulipima. Ningelipima kwa kufanya hivi. Ninachoweza kusema kutokana na data niliyonayo ni hiki tu." Mradi sentensi ya kati iwe na kitendo cha kweli, cha kupima kitu fulani kwa kifaa fulani. Ukisema "ningefanya utafiti zaidi", atakuuliza utafiti gani, na utakuwa umerudi ulipoanzia.

Kesho asubuhi panda gari la Newala. Zile siku tatu za ndoo hazipunguziki.